Nenosiri jipya la waifai: vifaa 11 ndani ya saa moja na dakika kumi

Kubadilisha nenosiri la waifai nyumbani ni kazi ya dakika chache. Kinachochosha ni kile kinachofuata: simu ya baba haishiki, runinga inadai nenosiri, kamera ya getini imezima, printa haitoi kazi ya mtoto, na kila mtu anaita jina lako kwa wakati mmoja. Wengi wetu huanza na anayepiga kelele zaidi, kisha tunajikuta tunarudia vifaa vilevile mara mbili.

Mzazi mwenzangu, vifaa hivi vina utaratibu wake. Kimoja hutegemea kingine. Ukifuata utegemezi huo kutoka juu kwenda chini, hakuna kifaa utakachokigusa mara mbili. Hivi ndivyo tulivyofanya kwetu, hapa Dar es Salaam, Jumamosi moja asubuhi.

Sababu yetu ilikuwa kifurushi. Tunatumia ruta ya laini ya simu, na kifurushi cha mwezi kilikuwa kinaisha tarehe 20. Kamera moja ipo chumbani kwa bibi yao watoto, mama mkwe wangu, ambaye anatembea kwa shida. Mimi niko kazini hadi jioni, na kwa kamera ile namwona kama ameamka na amekula. Kifurushi kikiisha, simwoni. Kwa hiyo ilikuwa lazima nijue nani mwingine anakunywa kwenye kisima chetu.

Jioni ya Ijumaa, vifaa vyote vikiwa vimewashwa, nilifungua ukurasa wa ruta. Anwani yake huandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta, pamoja na jina na nenosiri la kuingilia. Mara nyingi ni mojawapo ya hizi, nawe unaiandika pale juu unapoandikaga anwani za tovuti:

```
192.168.0.1
192.168.1.1
192.168.8.1
```

Ndani yake kuna orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Yetu ilikuwa na majina 17. Nikachukua daftari nikaandika vya kwetu: simu nne, kishkwambi cha watoto, kompyuta mpakato, runinga, printa, kamera mbili, na ile ripita, yaani kifaa kidogo cha kuchomeka ukutani kinachosukuma mtandao hadi vyumba vya nyuma. Jumla 11. Sita zilizobaki hazikuwa zetu. Mwanangu mkubwa alipoziona zile aina za simu alicheka, akawataja wenzake wa mtaani mmoja mmoja.

Orodha hiyo usiiruke. Ndiyo inayokuambia umemaliza lini. Pembeni ya kila kifaa niliweka alama: kina kioo cha kuandikia, au hakina. Vyenye kioo ni vyepesi. Visivyo na kioo ndivyo vinavyokula muda.

Swali la kwanza kabla ya kubadilisha chochote ni hili: unabadilisha na jina la mtandao, au nenosiri peke yake? Mimi niliacha jina lilelile, na sababu yake inawahusu wazazi moja kwa moja.

Kwetu kishkwambi cha watoto hukatiwa intaneti saa tatu usiku, na amri hiyo iko kwenye ruta. Ruta hukitambua kifaa kwa namba yake ya utambulisho. Sasa, simu za Android kuanzia toleo la 10 na za iPhone kuanzia iOS 14 hazitoi namba yao halisi kwa kawaida. Hutengeneza namba ya bandia kwa ajili ya kila jina la mtandao. Jina likibaki lilelile, kwenye vifaa vingi namba hubaki ileile, na amri yako ya saa tatu inaendelea kufanya kazi. Ukibadilisha jina, kishkwambi kinakuja na namba mpya, ruta inakiona kama mgeni, na mtoto anaangalia katuni hadi usiku wa manane bila kuvunja kufuli lolote.

Kwa sababu hiyohiyo, kwenye kifaa cha mtoto usibonyeze kwanza “Forget” au “Sahau mtandao” kama simu inakuruhusu kuandika nenosiri jipya bila kufanya hivyo. Kwenye iPhone hasa, kusahau mtandao kunaweza kuleta namba mpya. Na kama una sababu ya kubadilisha jina, badilisha, lakini ongeza kazi moja kwenye daftari: kurudi kwenye ruta na kukiwekea kifaa cha mtoto muda wake upya.

Kisha nenosiri lenyewe. Lichague ukifikiria rimoti ya runinga, kwa sababu huko ndiko utakakolihenyea herufi moja moja. Ruta hukubali kuanzia herufi 8 hadi 63. Maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana, yameunganishwa kwa herufi ndogo na tarakimu mbili katikati, ni marefu ya kutosha, ni magumu kubahatisha, na huhitaji kuhama kutoka kibodi moja kwenda nyingine kutafuta alama. Usitumie jina la mtoto wala namba ya simu.

Ukiwa hapohapo kwenye ukurasa wa ruta, angalia aina ya ulinzi. Ukiona imewekwa WPA3 peke yake, kamera na printa za zamani zinaweza kushindwa kuingia. Chagua ile inayochanganya WPA2 na WPA3, au WPA2 kama mchanganyiko haupo. Fanya mabadiliko yote kwa mkupuo mmoja, kwa sababu ukigundua kesho kwamba kuna kitu ulitaka kurekebisha, huenda vifaa vyote vikakatika tena.

Saa nne kamili asubuhi, kabla ya kubonyeza cha kuhifadhi, nilichomoa ripita kwenye soketi. Hatua hii ndogo ndiyo iliyookoa muda mwingi kuliko zote. Ripita haijui kwamba ruta imebadilika. Ikiachwa inawaka, huendelea kutangaza mtandao wenu kwa nenosiri la zamani, wakati yenyewe haiwezi tena kuifikia ruta. Mtu aliye chumba cha nyuma anaona mistari yote imejaa, anaandika nenosiri jipya, linakataliwa. Akiandika la zamani, linakubaliwa, lakini hakuna intaneti. Mnaweza kubishana kutwa nzima juu ya nenosiri, kumbe tatizo limechomekwa ukutani.

Ndipo nikahifadhi. Ukifanya hivyo kwa simu, ukurasa utaganda na simu itakatika. Usishtuke na usibonyeze tena. Ruta imekubali, na imekukata hata wewe. Subiri dakika moja au mbili, kisha simu yako iwe ya kwanza kuingia. Andika nenosiri jipya, fungua tovuti yoyote, hakikisha intaneti ipo kweli. Saa nne na dakika kumi nilikuwa ndani.

Kifaa cha pili ni ripita, kabla ya simu ya mtu mwingine yeyote. Niliichomeka karibu na ruta, nikaishikilia kitufe cha kuirudisha kama ilivyotoka dukani kwa sekunde kama kumi hadi taa zikabadilika, kisha nikaiunganisha upya kwa programu yake kwenye simu. Ruta na ripita zenye kitufe cha WPS huweza kuunganishwa kwa kubonyeza cha ruta kisha cha ripita ndani ya dakika mbili. Ilipowaka taa ya kawaida niliirudisha ukumbini. Kama nyumbani kwako mna seti ya ruta na vituo vyake vya kampuni moja vinavyoongozwa na programu moja, mara nyingi vituo hupokea nenosiri jipya vyenyewe, na hatua hii haikuhusu.

Saa nne na dakika 20 zikafuata simu, na hapa hakuna mtu anayeandika chochote. Simu yako iliyokwisha kuingia inaweza kutoa msimbo wa QR. Kwenye Android ya toleo la 10 na kuendelea, ingia kwenye mipangilio ya waifai, gusa jina la mtandao wenu, halafu gusa “Share” au “Shiriki”. Kwenye iPhone yenye iOS 18, msimbo uko kwenye programu iitwayo Passwords, sehemu ya Wi-Fi. iPhone za nyuma kidogo huweza kumpa nenosiri mwenye iPhone nyingine aliye karibu, kama mko kwenye orodha za majina za kila mmoja.

Mama mkwe alikuwa na wasiwasi wake. “Mwanangu, maneno yote hayo mapya nitayakumbukaje mimi?”

“Hutakumbuka kitu, Mama. Nipe simu tu.” Nikaelekeza kamera ya simu yake kwenye msimbo, akabonyeza mara moja, picha za wajukuu wa Mwanza zikaanza kuingia.

Simu tatu zilizobaki na kishkwambi zilimalizika ndani ya dakika kumi. Kuna faida nyingine ya kuzitanguliza: wenye simu wakitulia, hakuna anayekuja kukuvuta mkono ukiwa juu ya ngazi. Msimbo wenyewe usiupige chapa ukaubandika sebuleni. Ndani yake kuna nenosiri zima, na anayeupiga picha ameshalichukua.

Kisha kamera, na hizi zinataka mchana na utulivu. Kamera nyingi za nyumbani, pamoja na taa na soketi za kuongozwa na simu, hutumia masafa ya 2.4GHz peke yake. Ruta za sasa hutoa 2.4GHz na 5GHz. Kama yako inatoa majina mawili, hamishia simu yako kwenye lile la 2.4GHz kabla ya kuanza. Kama ni jina moja kwa yote mawili, kwa kawaida kamera itajichagulia. Ikigoma kabisa kuuona mtandao, zima 5GHz kwenye ruta kwa muda wa kuiunganisha, halafu uiwashe.

Kamera iliyokatika huwezi kuipa nenosiri kwa mbali, kwa sababu programu haiifikii. Ya chumbani kwa bibi niliianza kwanza, maana ndiyo tunayoihitaji zaidi na iko chini. Niliishikilia kitufe chake cha kuanza upya hadi ikatoa sauti, nikafungua programu kwenye simu, nikaandika nenosiri la waifai, programu ikatengeneza msimbo, nikauonyesha mbele ya lenzi kwa umbali wa kiganja. Kamera huusoma kama jicho, ikapata jina na nenosiri humo. Iliposema imeunganishwa, tukamwona bibi kwenye simu akitupungia mkono.

Ya getini ni namna ileile, ila mume wangu ndiye aliyepanda ngazi, nami nikabaki chini na kitabu chake. Kitu cha kuandaa mapema hapa ni nenosiri la akaunti ya programu ya kamera, ambalo ni tofauti na la waifai. Kama aliyeifunga kamera aliisajili kwa akaunti yake mwenyewe, kamera nyingi hazitakubali kusajiliwa kwako hadi yeye aiondoe kwenye akaunti hiyo. Ni bora umpigie fundi siku moja kabla kuliko mume akiwa ngazini. Saa nne na dakika 55 kamera zote mbili zilikuwa hewani.

Runinga ilitutoa dakika tano. Kwenye mipangilio ya mtandao nilichagua jina letu, nikaandika lile nenosiri la herufi ndogo kwa rimoti, nikaliangalia kwa kubonyeza alama ya jicho kabla ya kuthibitisha. Iwe kwenye mtandao uleule na simu zenu, la sivyo mtoto hataweza kurusha video ya somo kutoka kwenye simu kwenda kwenye kioo kikubwa.

Printa na kompyuta mpakato nilizifanya mwisho na kwa pamoja, kwa sababu hazina maana moja bila nyingine. Printa yetu ndogo haina kioo. Nilibonyeza kitufe chake cha waifai hadi taa ikaanza kupepesa, nikaenda kubonyeza WPS ya ruta kabla dakika mbili hazijaisha, taa ikatulia. Ambayo ruta yake haina WPS, au imezimwa, atumie programu ya printa kwenye simu, au aichomeke kwa waya wa USB kwenye kompyuta aipe nenosiri jipya kwa njia hiyo. Kompyuta nikaiandikia nenosiri, nikachapa ukurasa mmoja wa zoezi la hesabu la binti yangu. Kompyuta ikikuambia “Offline” wakati taa ya printa imetulia, angalia kwanza kama kompyuta yenyewe haiko kwenye mtandao wa simu ya mtu.

Saa tano na dakika kumi niliweka alama ya mwisho kwenye daftari. Nikafungua tena orodha ya ruta: majina 11, na kila moja nalifahamu. Jioni ile saa tatu kishkwambi kilikatika kama kawaida. Binti yangu alikuja kulalamika, nami nikajua amri imebaki mahali pake.

Kifaa kikikukatalia njiani, kisikilize kinasema nini, maana makosa ya kawaida ni matatu na kila moja lina dawa yake. Kikisema nenosiri si sahihi, tazama herufi kubwa ambayo simu hupenda kuiweka yenyewe mwanzoni, au nafasi iliyoingia mwishoni, kisha tazama ripita. Kikisema kimeunganishwa lakini hakuna intaneti, nenosiri ni sahihi, liache. Tatizo liko mbele yake: kifurushi kimeisha, au ripita haijaungana na ruta. Na kama hakiuoni mtandao kabisa, shughulika na 2.4GHz au aina ya ulinzi, usihangaike kuandika upya.

Limebaki jambo la wale vijana sita. Ni watoto wa majirani, wanakuja kwetu kusoma na mwanangu, na sikutaka kuwafungia mlango. Ruta nyingi huweza kutoa mtandao wa pili wa wageni, wenye jina na nenosiri lake, na anayeingia huko kwa kawaida hazifikii printa wala kamera zenu. Nimeuwasha, na wao ndiko wanakoingia wakiwa kwetu. Kwa kuwa ruta yetu inaniruhusu, usiku nauzima.

Nenosiri la wageni nitalibadilisha kila mwanzo wa mwezi, na likibadilika hakuna kamera, printa wala runinga itakayotikisika. Mwanangu nimempa kazi ya kulitunza hilo la wageni, nalo tu. Lile la nyumba liko kwenye daftari, ukurasa wa ile orodha ya vifaa 11, na daftari liko kabatini kwangu.